Namna ya Kuandika Maoni Kuhusu Kliniki ya Meno Bila Kuanika Siri za Kinywa Chako

Miaka michache iliyopita niliandika maoni kwenye Google Maps kuhusu kliniki ya meno niliyotibiwa hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimeridhika na nilitaka wengine wafaidike, hivyo nikaeleza kila kitu: jino lipi, lilikuwa limefikia hali gani, na jinsi daktari alivyosita kidogo kwa sababu ya ugonjwa mwingine ninaoumezea dawa kila siku. Wiki iliyofuata mwenzangu wa kazini akanisimamisha kwenye ngazi. "Pole na jino, kaka. Na ile hali yako nyingine, bado uko kwenye dawa?" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta kliniki ya kumpeleka mwanawe, akakuta jina langu na picha yangu juu ya maandishi yale. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ofisini kuhusu dawa hizo.

Niliyafuta siku hiyohiyo. Ila kabla ya kuyafuta niliyasoma tena, nikaona kwamba karibu mistari yote ilihusu mwili wangu na miwili tu ilihusu kliniki. Anayetafuta pa kutibiwa hana haja na gego langu. Anataka kujua kama ataelezwa anachofanyiwa, kama ataumia, kama atalipa alichoambiwa, na kama vyombo vitakavyoingia kinywani mwake ni visafi. Hayo manne yanaelezeka vizuri kabisa bila kutaja jino hata moja, mradi ujue cha kutazama ukiwa palepale.

Kabla hujaegemezwa kwenye kiti

Kazi ya kuandika maoni inaanza unapoingia, kwa sababu ukishalazwa chini ya taa na mdomo wazi huwezi kukumbuka mengi. Mimi huandika vitu vitatu kwenye simu nikiwa bado kwenye benchi: saa niliyofika, bei nilizotajiwa mapokezi, na jina la huduma kama walivyoiita wao. Hilo la mwisho ni la kwangu mwenyewe, halitaingia kwenye maoni, lakini litanisaidia kulinganisha na stakabadhi wakati wa kulipa.

Sikiliza pia mapokezi wanavyozungumza na wagonjwa. Kama dada wa mapokezi anauliza kwa sauti ya juu mbele ya watu wote, "Mama, wewe ndiye wa jino la usaha?", hapo umeshapata jambo la kuandika. Andika kwamba mapokezi hakuna faragha na kwamba shida za wagonjwa zinasikika hadi kwenye viti. Usiandike ulichokisikia kuhusu yule mama.

Maelezo ya matibabu: kipimo ni utakachoweza kusimulia nyumbani

Watu wengi huandika "daktari anaeleza vizuri" na kuishia hapo. Maneno hayo hayamsaidii msomaji, maana mtu anaweza kuongea kwa upole dakika 10 na usitoke na kitu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ukifika nyumbani, je, unaweza kumwambia mtu kwa maneno yako ni nini kimefanyika, kwa nini kimefanyika hicho badala ya kingine, na kingetokea nini kama usingefanya chochote? Ukiweza yote matatu, ulielezwa. Ukiweza la kwanza tu, uliarifiwa.

Tazama pia maelezo yalitolewa wakati gani. Daktari anayeeleza ukiwa umekaa wima, mnatazamana, kabla ya sindano, amekupa nafasi ya kuuliza na hata ya kukataa. Anayeanza kueleza ganzi ikiwa imeshaingia na vidole vyake viko mdomoni mwako hakukupa nafasi hiyo, hata kama maneno yake ni mazuri. Kama ulipigwa picha ya eksirei, angalia kama ulionyeshwa na kuelekezwa kwa kidole: hapa ni mzizi, hapa ni mfupa, shida iko hapa. Na angalia kama ulipewa zaidi ya njia moja. Mara nyingi kwenye meno kuna zaidi ya njia moja, hata kama mojawapo ni kusubiri na kurudi baada ya miezi.

Haya yote yanaandikika bila siri: "Nilionyeshwa picha na kuelezwa njia mbili pamoja na bei ya kila moja, nikapewa muda wa kufikiri kabla ya kuamua." Hakuna anayeweza kujua ulikuwa na tatizo gani.

Maumivu: pima walichofanya

Hapa ndipo maoni mengi yanapopotoka, kwa sababu maumivu ya jino hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kati ya jino na jino. Mmoja anaandika "sikusikia chochote", mwingine "nilikaribia kuzimia", na wote wametibiwa na daktari yuleyule. Msomaji achukue lipi?

Inasaidia kujua ganzi inavyofanya kazi. Sindano ya ganzi huzuia neva isipeleke maumivu, lakini haiondoi hisia ya kusukumwa. Utasikia mkono wa daktari ukikandamiza, na wakati mwingine mlio au mtikisiko, bila ukali. Hilo ni la kawaida. Ganzi huhitaji dakika kadhaa kushika. Taya la chini kwa kawaida huchelewa kuliko la juu, na dalili yake ni mdomo kuwa mzito na kama umevimba. Pia sehemu iliyovimba au yenye usaha hushika ganzi kwa shida hata mikononi mwa daktari hodari, kwa sababu tishu zenye uvimbe mkali hudhoofisha dawa. Kwa hiyo kuumia peke yake si ushahidi kwamba kliniki ni mbaya, na kutokuumia peke yake si ushahidi kwamba ni nzuri.

Unachoweza kupima kwa haki ni mwenendo wao. Baada ya sindano, walisubiri au walianza moja kwa moja? Walijaribu kwanza, kwa kugusa na kuuliza, kabla ya kuanza kazi yenyewe? Mlikubaliana ishara, kama kuinua mkono wa kushoto, na ulipoinua walisimama kweli? Hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Nimewahi kutibiwa mahali nilipoinua mkono nikaambiwa, "Vumilia kidogo, tunamaliza." Nikainua tena, nikaambiwa vilevile. Mahali pengine nilipoinua mkono drili ilinyamaza papo hapo, daktari akainua kichwa akauliza, "Ni ukali au ni msukumo?" Nikasema ukali. Akaongeza ganzi, akasubiri huku anazungumza nami, akaanza upya. Siku zote mbili niliumia. Lakini hizo ni kliniki mbili tofauti kabisa, na tofauti hiyo inaandikika kwa sentensi moja.

Halafu kuna saa za baadaye. Mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa saa mbili hadi tano, na mtu akila kabla haijaisha anaweza kujing'ata shavu bila kujua. Watoto hasa hutafuna mdomo mpaka ukavimba. Je, walikuambia usile mpaka hisia irudi? Walikueleza maumivu ya kiasi gani ni ya kutarajiwa usiku ule, na yapi ni ya kurudi haraka? Walikupa namba ya simu, na ulipopiga ilipokelewa? Usitaje dawa uliyoandikiwa. Jina la dawa moja linaweza kufichua ugonjwa wako kuliko maelezo ya aya nzima.

Usafi: andika ulichokiona kwa macho

Sakafu inayong'aa na harufu ya dawa havikuambii mengi. Usafi wenye maana kwenye kliniki ya meno ni ule unaohusu vitu vinavyotoka kinywa kimoja kwenda kingine: vioo vidogo, koleo, ncha za drili na drili yenyewe, mikono, na kiti.

Vyombo vya chuma husafishwa kwanza kwa kusuguliwa, kisha huingia otokilevu, mashine ya mvuke wa presha. Viwango vinavyotumika sana ni nyuzi 121 za selsiasi kwa angalau dakika 15, au nyuzi 134 kwa angalau dakika 3. Wewe mgonjwa hutaiona mashine hiyo ikifanya kazi, lakini utaona matokeo yake: vyombo huletwa ndani ya pakiti iliyofungwa, upande mmoja karatasi na mwingine plastiki angavu, yenye alama inayobadilika rangi ikipita kwenye joto. Pakiti ikichanwa mbele yako, hilo ni jambo la kuandika. Ila usiandike zaidi ya linavyothibitisha. Alama iliyobadilika rangi inaonyesha kwamba pakiti ilipitia joto. Haionyeshi peke yake kwamba kila kijidudu kimekufa.

Kama hukuona, uliza. Mimi husema, "Dokta, samahani, naomba pakiti ifunguliwe mbele yangu." Jinsi walivyopokea ombi hilo nayo ni sehemu ya maoni. Kuna waliofungua kwa furaha na kunionyesha alama, na kuna walionijibu kwa kukunja uso.

Baada ya hapo fuata mikono. Glavu mpya zilivaliwa ukiwa unaona? Aliyezivaa alishika nini baadaye? Nimewahi kumwona msaidizi mwenye glavu zilizotoka kinywani mwangu akifungua droo, akapokea simu, kisha akarudisha vidole kwenye mrija wa kunyonya mate. Glavu zilikuwa mpya kweli, lakini baada ya ile simu upya wake haukuwa na kazi tena. Angalia pia kama kiti na mpini wa taa vilifutwa baada ya mgonjwa aliyetangulia, kama kikombe cha kusukutulia ni kipya, na kama sindano iliyotumika ilitupwa kwenye sefti boksi badala ya kuachwa kwenye trei.

Namna ya kuandika ina uzito hapa. "Hawabadilishi glavu" ni tuhuma juu ya wafanyakazi wote na siku zote, na huna ushahidi nayo. "Siku niliyokwenda, msaidizi alipokea simu akiwa na glavu na hakuzibadilisha" ni ulichokiona. Sentensi ya pili inakulinda wewe, kwa kuwa tuhuma isiyo na ushahidi inaweza kukuletea kesi, na pia ina nguvu zaidi kwa msomaji.

Bei: tofauti inasema zaidi ya kiasi

Wengi hawafikirii kwamba bei nayo inaweza kutoa siri. Kliniki nyingi hubandika orodha ya bei ukutani, au huitumia kila anayeomba kwa simu. Ukiandika kwamba ulilipa kiasi fulani kamili, mtu anaweza kukilinganisha na orodha ile na kujua ulichofanyiwa. Kwa hiyo andika uhusiano kati ya ulichoambiwa na ulichotozwa: vililingana, kilizidi robo, kilikaribia mara mbili. Ada ya kumwona daktari unaweza kuitaja kwa tarakimu, kwa sababu kila mgonjwa huilipa.

Cha kuangalia ni kama ulipewa makadirio kabla ya kazi, kwa maandishi au hata kwa ujumbe wa simu, na kama yalijumuisha picha, ganzi na dawa. Mara nyingi bei ya mwanzo ni ya kazi yenyewe tu, na vile vingine vinatokea kwenye stakabadhi. Wakati mwingine daktari hukuta tatizo kubwa kuliko alivyotarajia na bei hubadilika kwa haki. Swali ni kama alisimama akakuuliza kabla ya kuendelea, au ulikuta mabadiliko dirishani kwa mhasibu. Kwa wenye bima, andika kama waliulizia idhini ya bima mapema na kukueleza utakachojazia mwenyewe. Usitaje kampuni ya bima pamoja na jina la mwajiri wako.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Mwaka jana wifi yangu alitoka kliniki moja, tukakaa jikoni na daftari lake. Alitibiwa nini sitasema hapa, na utaona kwamba hukosi kitu. Alikuwa ameandika karibu ukurasa mzima. Nilimwomba asubiri siku mbili kwanza: ganzi iishe, maumivu ya usiku wa kwanza yapite, na ajue kama namba waliyompa inapokelewa. Maoni yanayoandikwa na mtu mwenye mdomo mzito na hasira ya stakabadhi mara nyingi hubeba hasira hiyo tu.

Siku ya pili jioni tulichukua kalamu nyekundu. Tulikata jina la jino na upande wake, jina la ugonjwa, jina la huduma, dawa, hali nyingine za kiafya, sababu ya kuchelewa kwenda, tarehe, na jina la mtoto aliyemsindikiza. Tulikata pia "nilikuwa mgonjwa wa kwanza asubuhi", kwa sababu kwenye kliniki ndogo hilo linamtambulisha moja kwa moja. Jina la msaidizi tuliliacha nje; kosa lake, kutofuta kiti, lilikuwa la utaratibu, na binti yule huenda ndiyo kwanza ameanza kazi.

Kisha kila sentensi iliyobaki tuliipitishia swali moja: hii inaeleza walichofanya wao, au nilichokuwa nacho mimi? Tuseme mtu ameandika, "Nilifika na usaha kwenye gego la chini, daktari akachoma sindano mbili kabla halijashika." Hiyo inageuka kuwa, "Ganzi ya kwanza haikutosha. Daktari aliligundua mwenyewe kwa kujaribu, akaongeza na kusubiri kabla ya kuendelea." Sifa ya daktari imebaki yote, ugonjwa umeondoka.

Maoni yake ya mwisho yalikuwa hivi:

"Nyota tatu. Daktari alinieleza nikiwa nimekaa, akanionyesha picha na kunipa njia mbili. Niliweza kuwasimulia nyumbani bila kubabaika. Tulikubaliana niinue mkono nikiumia, niliinua mara mbili na mara zote alisimama. Nilipiga simu usiku, ikapokelewa. Vyombo vilifunguliwa kwenye pakiti mbele yangu, lakini kiti hakikufutwa kati yangu na aliyenitangulia, nilipouliza kikafutwa. Bei ndiyo shida: sikupewa makadirio ya maandishi, na nilichotozwa kilizidi nilichoambiwa kwa karibu theluthi, kwa sababu picha na dawa havikutajwa mwanzoni. Uliza jumla ya vyote kabla ya kuanza."

Hakuna picha iliyoambatishwa. Alitaka kuweka ya stakabadhi, lakini ilikuwa na jina lake, namba ya faili na huduma aliyopata. Picha ya chumba cha kusubiri nayo ilikuwa na watu wawili wanaotambulika. Kama lazima uweke picha, piga orodha ya bei ukutani au mlango wa kuingilia, na ukuze uone hakuna uso wala karatasi ya mtu.

Kliniki ikijibu

Siku chache baadaye wakamjibu hadharani: wanasikitika, na je, anaweza kuthibitisha alikuja lini na kwa huduma gani ili wafuatilie? Swali la kawaida, na pengine walikuwa na nia njema, lakini kulijibu pale kungerudisha yote tuliyoyakata. Wifi aliandika mstari mmoja: "Asanteni. Nitawapigia kwa namba ya mapokezi." Mazungumzo yakaendelea kwa simu.

Kuna wakati kliniki yenyewe ndiyo inayotoboa, kwa kujitetea: "Ulikuja umechelewa na hali yako ilikuwa hivi na vile." Kule Marekani kliniki moja ya meno ya Dallas ililipa dola 10,000 mwaka 2019 kwa kuanika taarifa za wagonjwa wakati ikijibu maoni yao mtandaoni. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya 2019. Likikutokea, usibishane chini ya jibu hilo na usithibitishe walichosema. Piga picha ya skrini yenye tarehe, waandikie waliondoe jibu hilo na wakuombe radhi, liripoti pia kwenye ukurasa wenyewe, na wakikataa peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na kama kilichotokea ni madhara makubwa, mathalani limeng'olewa jino lisilohusika, maoni ya nyota si mahali pake. Tanzania Bara lipeleke Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa maandishi, na huko usikate kitu chochote: jino lipi, tarehe, dawa, stakabadhi na picha za eksirei. Vyote tulivyovifuta kwa kalamu nyekundu ndivyo watakavyovihitaji, kwa hiyo ule ukurasa wa kwanza wa daftari usiutupe.